Streptokoki wa Kundi A: Njia Itokayo Kooni Hadi Kwenye Vali za Moyo

Maumivu ya koo ni miongoni mwa sababu za kawaida zinazomfikisha mtoto zahanati. Mara nyingi chanzo chake ni virusi, nayo hupona yenyewe baada ya siku chache bila ya antibiotiki. Hata hivyo, katika kila watoto kumi wenye maumivu hayo, wawili au watatu hivi huwa na maambukizi ya bakteria mmoja mahususi aitwaye streptokoki wa kundi A. Koo la mtoto huyo nalo huweza kupoa bila ya tiba. Tofauti ni kwamba, kwa baadhi ya watoto, kupoa kwa koo si mwisho wa ugonjwa. Majuma machache baadaye mwili wenyewe huanza kushambulia viungo na moyo.

Makala haya yanaeleza herufi hiyo A imetoka wapi, bakteria huyo ana nini ambacho wenzake hawana, na kwa njia gani maambukizi ya koo huishia kuharibu vali za moyo. Mhudumu wa afya atapata humo hatua za utambuzi na vipimo vya dawa. Mgonjwa na mzazi watapata sababu ya kuchomwa sindano kila mwezi ilhali mgonjwa anajiona mzima.

Makundi yalivyopatikana

Streptokoki ni bakteria wa umbo la duara ambao hujipanga kama shanga katika uzi. Wako wa aina nyingi: wengine huishi kinywani bila ya madhara, wengine huwapata ng'ombe katika viwele, wengine humuua mtoto mchanga. Chini ya hadubini wote hufanana, kwa hiyo umbo peke yake halimwambii mtaalamu wa maabara ni yupi aliye mbele yake.

Njia ya kwanza ya kuwatenganisha ilikuwa kuwaotesha juu ya agaa iliyochanganywa na damu. Wengine huzungukwa na duara angavu kwa sababu wamezivunja kabisa seli nyekundu za damu. Hawa huitwa streptokoki wa hemolisisi beta. Wengine huacha rangi ya kijani kibichi, na hao ni wa hemolisisi alfa. Wengine hawaibadili damu hata kidogo. Mgawanyo huu unafaa hadi leo, lakini hautoshi, kwa kuwa miongoni mwa wale wa beta kuna wanaomdhuru binadamu na wanaomdhuru mnyama, na wote hufanya duara lile lile.

Mtafiti Rebecca Lancefield, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alitoa suluhisho mwaka 1933. Aliwachemsha bakteria hao katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, akapata majimaji yenye kabohaidreti iliyokuwa katika ukuta wa seli zao. Kisha aliyakutanisha majimaji hayo na seramu ya sungura waliochanjwa kwa bakteria wa aina inayojulikana. Pale kingamwili za sungura zilipoitambua kabohaidreti hiyo, utando mweupe ulijitokeza mahali vimiminika viwili vilipogusana. Pale zilipokosa kuitambua, vimiminika vilibaki safi.

Kwa njia hiyo aliwapanga bakteria katika makundi na kuyapa herufi. Karibu wote waliotoka kwa binadamu wagonjwa waliangukia kundi A. Waliotoka kwa ng'ombe wengi waliangukia kundi B, kundi ambalo baadaye lilijulikana kuwa chanzo kikubwa cha maambukizi ya damu na uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Makundi C na G huonekana kwa wanyama na pia katika makoo ya watu.

Tofauti kati ya makundi haya kikemia ni ndogo mno. Kabohaidreti ya kundi A ina uti uliofanywa na sukari iitwayo ramnosi, na kwenye uti huo hupachikwa sukari nyingine iitwayo N-asetilglukosamini. Katika kundi C uti ni huo huo wa ramnosi, ila sukari iliyopachikwa ni N-asetilgalaktosamini. Badiliko hilo moja linatosha kuifanya kingamwili ya kundi moja ishindwe kulitambua kundi jingine. Msomaji aikumbuke sukari hii ya N-asetilglukosamini, kwa kuwa tutakutana nayo tena tutakapofika kwenye moyo.

Kundi linavyotambuliwa leo

Maabara za siku hizi hazilazimiki kuchemsha asidi. Baada ya kupangusa mafindofindo yote mawili na ukuta wa nyuma wa koo kwa pamba, bila ya kugusa ulimi wala mashavu, sampuli hupandwa katika agaa yenye damu ya kondoo na kuwekwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37. Sahani husomwa baada ya saa 18 hadi 24, na ikiwa haijaotesha kitu husomwa tena baada ya saa 48. Makoloni yenye duara angavu huchukuliwa, kabohaidreti yake hutolewa kwa kimeng'enya, kisha tone lake huchanganywa na chembechembe za lateksi zilizovishwa kingamwili za kila kundi. Lateksi ya kundi husika huganda vidonge vidonge, na nyingine hubaki laini kama maziwa.

Kipimo cha haraka cha koo, ambacho hutoa jibu ndani ya dakika kumi hivi, kinatumia kanuni hiyo hiyo: kinatafuta kabohaidreti ya kundi A moja kwa moja katika pamba. Jibu lake likiwa chanya, kwa kawaida ni la kuaminika. Likiwa hasi, haliondoi uwezekano wote, kwa kuwa bakteria wakiwa wachache kipimo huweza kuwakosa. Kwa mtoto mwenye dalili bayana, jibu hasi linafaa kuhakikishwa kwa kuotesha panapokuwa na uwezo huo.

Kuna mipaka miwili ambayo mhudumu hana budi kuijua. Mpaka wa kwanza ni kwamba kupatikana kwa bakteria si lazima kuwa ndiye aliyeleta maumivu. Wapo watoto wanaombeba streptokoki wa kundi A kooni kwa miezi bila ya kuugua. Mtoto wa namna hiyo akipata mafua ya virusi, kipimo kitakuwa chanya ingawa virusi ndivyo vinavyomsumbua. Mpaka wa pili ni kwamba herufi A haimalizi utambulisho. Ndani ya kundi A kuna aina zaidi ya 200, zinazotofautiana kwa protini ya juu ya ukuta iitwayo protini M. Kinga dhidi ya aina moja haimkingi mtoto dhidi ya nyingine, na ndiyo sababu mtoto mmoja huweza kuugua koo hili mara nyingi.

Mahali pasipo na maabara, dalili zinaongoza. Koo la kundi A humpata zaidi mtoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza ghafla, pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu wakati wa kumeza, mafindofindo yaliyovimba au yenye usaha, na tezi zenye maumivu mbele ya shingo. Mafua, kikohozi, sauti kukauka na macho mekundu huelekeza zaidi kwenye virusi. Kwa hiyo swali la "Je, anakohoa?" lina uzito mkubwa kuliko linavyodhaniwa.

Kutoka kooni hadi moyoni

Bakteria huyu hahitaji kufika moyoni ili auharibu. Katika homa ya rumatiki hapatikani bakteria hai ndani ya vali. Madhara yanaletwa na kinga ya mwili ya mgonjwa mwenyewe.

Baada ya maambukizi, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini M na dhidi ya ile sukari ya N-asetilglukosamini. Kwa bahati mbaya, sehemu za protini M na umbo la sukari hiyo zinafanana na baadhi ya protini za binadamu, hasa miozini iliyo katika misuli ya moyo, na pia protini zilizo katika utando unaofunika vali. Kwa mtoto aliye na maumbile yanayomweka katika hatari, baadhi ya kingamwili hushindwa kutofautisha kati ya adui na mwenyeji. Hushika kwenye utando wa vali, utando huo huvimba, na chembe nyeupe za kinga hupenya ndani ya vali ambayo kwa kawaida haina hata mishipa ya damu. Uvimbe unapopona huacha kovu. Kila shambulio jipya la koo huamsha upya kingamwili zile zile na kuongeza kovu juu ya kovu.

Vali inayoumia zaidi ni ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini cha upande wa kushoto wa moyo. Ya aota huifuatia. Kwa mtoto, vali ya mitrali kwanza hushindwa kufunga, na damu hurudi nyuma kila moyo unapopiga. Miaka inavyopita, kovu huzishikamanisha kingo zake na mlango huwa mwembamba. Mwanamke mwenye mlango huo mwembamba huweza kuishi bila ya kujijua hadi anapopata ujauzito. Wakati huo damu huongezeka mwilini na moyo hulazimika kwenda mbio, hivyo maji hujaa katika mapafu. Mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa sababu ya kukosa pumzi asiambiwe kwamba hiyo ni kawaida ya mimba kabla moyo wake haujasikilizwa.

Mfano wa mgonjwa

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, lakini kila hatua yake inajulikana kwa wanaohudumia wagonjwa wa moyo. Msichana wa miaka 11, mwenye uzito wa kilo 31, anaamka na homa ya nyuzi 38.9 na maumivu makali ya koo. Hana mafua wala kikohozi. Siku ya tatu mama yake anamnunulia dukani vidonge vya maumivu na kapsuli sita za amoksilini. Siku ya tano koo limepoa, naye anarudi shuleni. Dawa imekwisha, lakini bakteria hawajaisha.

Siku ya 21 goti lake la kulia linavimba, linakuwa la moto, na hataki liguswe. Baada ya siku mbili goti linapata nafuu, kisha kifundo cha mguu wa kushoto kinavimba. Maumivu haya yanayohama ni alama muhimu. Kipimo cha malaria ni hasi. Anaambiwa kuwa ana baridi yabisi na anapewa diklofenaki, na kesho yake viungo vyote vimetulia. Hapa ndipo ugonjwa hupotea machoni. Dawa za jamii ya diklofenaki na aspirini huzima uvimbe wa viungo haraka kiasi kwamba dalili kuu huondoka kabla haijaandikwa, huku moyo ukiendelea kuumia. Wakati uchunguzi haujakamilika, parasetamoli hutosha kwa maumivu.

Siku ya 26 anachoka akipanda kilima kwenda shule. Hospitali ya wilaya inampima na kupata joto la nyuzi 38.3, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, na mvumo unaosikika kwenye ncha ya moyo na kuelekea kwapani. Kasi ya kushuka kwa seli nyekundu ni milimita 68 kwa saa. Kuotesha sampuli ya koo hakuoneshi bakteria, jambo ambalo halishangazi, kwani majuma yamepita. Lakini kingamwili dhidi ya streptolisini O, ambazo maabara huziandika kama ASO, ziko juu. Kipimo cha eko kinaonesha damu ikirudi kwa kiasi cha wastani kupitia vali ya mitrali.

Utambuzi unatumia vigezo vya Jones, vilivyotolewa mwaka 1944 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2015. Vigezo vikubwa ni vitano: uvimbe wa moyo, uvimbe wa viungo, mitukutiko ya mikono na uso isiyozuilika, vipele vya pete katika ngozi, na vinundu chini ya ngozi. Vigezo vidogo ni pamoja na homa na kupanda kwa vipimo vya uvimbe katika damu. Panahitajika viwili vikubwa, au kimoja kikubwa na viwili vidogo, pamoja na ushahidi wa maambukizi ya streptokoki. Msichana huyu ana viwili vikubwa, moyo na viungo, na ASO yake ni ushahidi. Ana homa ya rumatiki, nayo imeshaigusa vali.

Mahali pa kuikata njia

Njia hii ingeweza kukatwa siku ya tatu. Majaribio yaliyofanywa kwa askari katika kambi ya Warren, Wyoming, na kutangazwa mwaka 1950 yalionesha kwamba kulitibu koo kwa penisilini huzuia homa ya rumatiki. Tiba ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, kinga hiyo bado hupatikana. Kwa hiyo mama aliyechelewa siku nne au tano hajachelewa.

Tiba iliyo rahisi kukamilishwa ni sindano moja ya benzathini penisilini katika msuli: yuniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, na yuniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 27 au zaidi. Msichana wetu angepata milioni 1.2. Badala yake anaweza kupewa amoksilini ya kumeza, miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, isiyozidi gramu moja. Kwake yeye ni gramu moja kila siku kwa siku 10 kamili. Siku mbili au tatu za dawa huondoa maumivu tu, ila haziwamalizi bakteria kooni. Mwenye mzio wa kweli wa penisilini hupewa dawa ya jamii nyingine, kama vile erithromisini. Kotrimoksazoli na tetrasiklini si mbadala unaofaa kwa koo hili.

Sasa kwa kuwa vali imeumia, lengo limebadilika. Penisilini haiwezi kulifuta kovu. Kazi yake ni kumzuia streptokoki asiote tena kooni, ili shambulio la pili lisitokee. Sindano ya yuniti milioni 1.2 hurudiwa kila baada ya majuma manne, na kwa aliye katika hatari kubwa kila baada ya majuma matatu. Aliyepata homa ya rumatiki bila ya kuguswa moyo huchomwa kwa miaka mitano au hadi afikishe miaka 21, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Ambaye moyo uliguswa lakini vali zikapona huchomwa kwa miaka 10 au hadi miaka 21. Aliyebaki na vali mbovu huchomwa kwa miaka 10 au hadi afikishe miaka 40. Kwa msichana wetu, akibaki na vali hiyo, maana yake ni sindano 13 kwa mwaka kwa miaka 29. Si ajabu wagonjwa wengi huzikatisha wanapojisikia vizuri, hasa wanapohama shule au kuolewa. Kadi yenye tarehe ya sindano inayofuata, pamoja na jina la kituo cha karibu anakohamia, ni sehemu ya tiba.

Faida ya sindano hizo imepimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Nchini Uganda watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu, zilizoonekana kwa eko tu, waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Hofu ya sindano pia inahitaji jibu la wazi. Mzio mkali hutokea mara chache, na kila kituo kinachochoma kiwe na adrenalini mkononi. Lakini wagonjwa wenye vali zilizoharibika sana, hasa mlango wa mitrali au wa aota uliokuwa mwembamba mno, au moyo ulioshindwa kusukuma damu, huweza kuzimia na hata kufa baada ya sindano kwa sababu ambayo si mzio. Maumivu na hofu hushusha mapigo na shinikizo la damu ghafla, na moyo huo hauna akiba ya kulihimili jambo hilo. Kwao hao inashauriwa penisilini ya kumeza. Kwa wengine wote, mgonjwa anywe maji na ale kidogo kabla, achomwe akiwa amelala, na abaki kitandani kwa muda kabla ya kuinuka.

Mzazi aliyesoma hadi hapa anaweza kufanya mambo mawili. Mtoto wake wa umri wa shule akipata homa na maumivu makali ya koo bila ya mafua wala kikohozi, ampeleke kituoni ndani ya siku chache za mwanzo na ahakikishe dawa aliyopewa imekwisha yote. Na kama majuma mawili hadi manne baada ya koo kupoa mtoto atavimba viungo kimoja baada ya kingine, atatukutika mikono bila ya kutaka, au ataishiwa pumzi, basi mzazi amkumbushe mhudumu kuhusu lile koo. Mara nyingi yeye peke yake ndiye anayelikumbuka.